Kutoka mfuko wa DAP hadi samaki kuelea: kemia ya yutrofikesheni katika Ghuba ya Winam

Swali: "Habari Daktari. Nina kazi ya kozi ya kemia ya mazingira: nieleze jinsi fosfeti na naitreti zinavyoleta yutrofikesheni, nikitumia ziwa moja kama mfano. Nimechagua Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwa sababu nyumbani ni Ahero. Niliandika kwamba mvua inasomba mbolea, mwani unaota kwa wingi, unakufa, unaoza, na oksijeni inaisha. Mwalimu amenirudishia akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu: 'Kemia iko wapi?' Nianzie wapi?"

Anzia kwenye mfuko wa mbolea, kisha ifuate fosforasi yake hatua kwa hatua. Kosa la rasimu yako ni kwamba umeliweka "oksijeni inaisha" mwishoni, kana kwamba mambo yanakomea hapo. Kikemia hapo ndipo katikati. Oksijeni ikishaisha chini ya maji, tope la ziwa huanza kuachia fosfeti lililokuwa limeishika, na naitreti hugeuka gesi ikapotea. Mwani wa mara ya pili hukuta maji yenye fosforasi nyingi na naitrojeni chache kuliko yale ya mara ya kwanza. Ukiweza kulieleza hilo kwa milinganyo na hesabu, mwalimu wako hatakuwa na la kuandika kwa kalamu nyekundu.

Chukua mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia. Umeandikwa 18-46-0. Namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, kwa hiyo ndani mna kilo 9 za naitrojeni. Namba ya pili huwaponza wanafunzi kila mwaka: ile 46 ni asilimia ya P2O5, kwa desturi ya zamani ya biashara ya mbolea, wala si asilimia ya fosforasi yenyewe. Una kilo 23 za P2O5. Zizidishe kwa 62/142 upate kilo 10 za fosforasi. Shika hizo namba mbili, naitrojeni kilo 9 na fosforasi kilo 10, maana hesabu yote inazitegemea.

DAP ni (NH4)2HPO4. Ikikutana na unyevu wa udongo huyeyuka hivi:

(NH4)2HPO4 → 2NH4⁺ + HPO4²⁻

Kutoka hapo naitrojeni na fosforasi huachana njia. Amoniamu haikai sana. Bakteria wa udongo huioksidisha katika muda wa siku hadi wiki chache:

NH4⁺ + 2O2 → NO3⁻ + 2H⁺ + H2O

Naitreti iliyopatikana ina chaji hasi, na chembe nyingi za udongo nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hakuna cha kuishika. Popote maji yanapokwenda nayo inakwenda, iwe ni chini kwenye maji ya ardhini au pembeni hadi mtoni. Maji yanayobeba naitreti yanaweza kuwa meupe kabisa machoni.

Fosfeti ina tabia nyingine. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kule mto Nyando unakotokea, una oksidi nyingi za chuma na alumini, na kwa kuwa una asidi kidogo, fosfeti iliyomo huwa zaidi katika umbo la H2PO4⁻. Ayoni hiyo haielei tu karibu na chembe. Inaondoa kundi la OH kwenye uso wa oksidi na kukaa mahali pake kwa bondi ya kweli:

≡FeOH + H2PO4⁻ → ≡FeHPO4⁻ + H2O

Alama ≡Fe inamaanisha atomu ya chuma iliyo kwenye uso wa chembe. Ndiyo maana fosforasi nyingi husafiri ikiwa imepanda juu ya udongo, na mvua chache kubwa za msimu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima. Ukisimama kwenye daraja la Ahero baada ya mvua kubwa na kuona Nyando imekuwa rangi ya chai ya maziwa, unachokiona kikipita ni fosforasi. Chujio la mikromita 0.45 litazuia sehemu kubwa ya mzigo huo, na mtu atakayepima maji yaliyochujwa peke yake ataandika kwamba mto ni safi.

Hapa weka tahadhari moja kwenye kazi yako. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mfukoni hubaki shambani, na mbolea sio chanzo pekee. Maji taka ya mjini huleta fosfeti iliyokwisha kuyeyuka, tayari kuliwa na mwani, na kwa Ziwa Victoria lote tafiti zimeonyesha kwamba kiasi kikubwa cha fosforasi hudondoka kutoka angani, kikiwa moshi wa kuchoma mapori na vumbi. Mfuko wa DAP ninautumia kwa sababu namba zake zinajulikana, sio kwa sababu mkulima wa mahindi ndiye mkosaji mkuu.

Sasa chembe zimefika ghubani. Maji ya ziwa yana fosfeti kidogo kuliko maji ya shambani, kwa hiyo ule mlinganyo wa juu hurudi nyuma kidogo na sehemu ya fosfeti huachiwa. Kwa pH ya karibu 8, na ukitumia pKa ya 7.2, fosfeti iliyoyeyuka itakuwa HPO4²⁻ kwa karibu asilimia 86. Chembe zilizobaki huzama na mzigo wao hadi kwenye tope. Tutalirudia tope hilo.

Mwani unapojijenga hutumia viungo kwa uwiano ambao Alfred Redfield aliugundua alipochunguza viumbe vidogo vya baharini: atomu 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Mlinganyo wake ndio utakaokuwa uti wa mgongo wa kazi yako:

106CO2 + 16NO3⁻ + HPO4²⁻ + 122H2O + 18H⁺ → C106H263O110N16P + 138O2

Usome kutoka kushoto, ni usanisinuru. Usome kutoka kulia, ni kuoza. Masi ya moli ya huo mwani ni gramu 3,550, na ndani yake mna gramu 31 tu za fosforasi. Yaani gramu moja ya fosforasi inaweza kujenga gramu 114 za mwani mkavu, na mwani huo ukioza hadi mwisho unadai gramu 138 × 32 / 31, karibu gramu 142 za oksijeni.

Tupeleke kilo 10 zetu zote ziwani, kwa mfano tu. Ni moli 323 za fosforasi. Zidisha kwa 3,550 upate kilo 1,145 za mwani mkavu. Zidisha kwa 138 kisha kwa 32 upate kilo 1,424 za oksijeni zitakazohitajika kuuozesha. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la hewa ni dogo kuliko pwani, na maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni hubeba karibu miligramu 7.2 kwa lita badala ya 8.3 za usawa wa bahari. Miligramu 7.2 kwa lita ni sawa na gramu 7.2 kwa mita ya ujazo. Gawanya: oksijeni yote ya mita za ujazo 198,000 za maji. Kwa maji ya kina cha mita 10, hiyo ni karibu hekta mbili zilizobakia bila pumzi, kwa mfuko mmoja.

Usiishie hapo, kwa sababu hesabu hiyo imeficha kitu. Umekagua naitrojeni? Moli 323 za fosforasi zinataka moli 323 × 16 za naitrojeni, ambazo ni kilo 72. Mfuko wetu una kilo 9. Naitrojeni hiyo ingetosha kutumia kilo 1.25 tu za fosforasi na kujenga kilo 143 za mwani, kilo 8.75 za fosforasi zingebaki zimekaa majini bila kazi. Kilo 63 za naitrojeni zinazopungua ni sawa na karibu mifuko mitano ya CAN, ile ya kukuzia yenye asilimia 26 ya naitrojeni. Katika hali hii naitrojeni ndiyo inayobana.

Nani atafaidi hizo kilo 8.75? Mwani wa kawaida hauwezi. Lakini wako sianobakteria, ambao watu huwaita mwani ingawa ni bakteria, na baadhi yao hujitengenezea naitrojeni kutoka kwenye N2 ya hewa iliyoyeyuka majini:

N2 + 8H⁺ + 8e⁻ + 16ATP → 2NH3 + H2 + 16ADP + 16Pi

Angalia gharama: ATP 16 kwa molekuli moja ya N2. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, kwa hiyo sianobakteria aitwaye Dolichospermum hukitunza ndani ya seli maalumu zenye ukuta mnene. Kiumbe hakiwezi kulipa gharama ya namna hiyo kama naitreti ipo bure. Kinalipa pale tu fosforasi imezidi na naitrojeni imepungua, hali ile ile tuliyoipata kwenye hesabu ya DAP. Katika Ghuba ya Winam mgawanyo wao unaeleweka ukiujua mlinganyo huu: Dolichospermum huonekana sana katika maji ya wazi zaidi, na Microcystis, ambayo haiwezi kutumia N2, hustawi karibu na midomo ya mito ambako maji ni mazito na naitrojeni inaletwa. Microcystis ndiyo hutanda kama rangi ya kijani iliyomwagika, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha maji. Waambie na wa nyumbani.

Kuna ushahidi mmoja wa kisayansi ambao ningeuweka katika kazi yako kwa aya fupi. Kule Ontario, Kanada, watafiti wamekuwa wakiweka virutubisho makusudi kwenye ziwa dogo liitwalo Lake 227 tangu 1969. Kuanzia 1990 waliacha kabisa kuweka naitrojeni wakaendelea na fosforasi peke yake. Mwani uliendelea kutanda, ukiwa na sianobakteria wanaojitengenezea naitrojeni. Wako wataalamu wanaosema kwamba ziwa moja dogo la nchi ya baridi halitoshi kuamua sera ya maziwa ya tropiki, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi: Ziwa Victoria lina upungufu wa naitrojeni kwa sehemu kubwa, na kuongeza naitrojeni karibu na miji huongeza sumu. Lakini kwa swali lako ushahidi ule unatosha kuonyesha kwamba kupunguza naitreti na kuiacha fosfeti ilivyo huwapa sianobakteria nafasi.

Sasa swali ambalo mwalimu makini atakuuliza ana kwa ana. Mlinganyo wa Redfield unasema mwani ukijijenga unatoa O2 138, na ukioza unachukua O2 138. Hesabu imekuwa sawasawa. Oksijeni inapunguaje?

Inapungua kwa sababu kutoa na kuchukua havifanyiki mahali pamoja wala saa moja. Oksijeni hutolewa juu, kwenye mwanga, mchana. Saa tisa alasiri maji ya juu yenye mwani mzito yanaweza kuwa yamepita kiwango cha kushiba, na kinachozidi hutoroka kwenda hewani. Hiyo imeshapotea, haihifadhiwi kwa ajili ya usiku. Kuoza hufanyika chini, gizani, mchana na usiku, na usiku hata mwani ulio hai juu huacha kutoa oksijeni na kubaki kuivuta. Kwa hiyo ukipima sehemu moja saa ishirini na nne utapata mchoro unaopanda hadi alasiri na kushuka hadi karibu na mapambazuko. Wenye vizimba vya samaki wanaujua mchoro huo hata bila kuuchora: samaki hukutwa wakihema juu ya maji alfajiri, mara chache sana adhuhuri.

Halafu kuna tabaka. Maji ya nyuzi 26 ni mepesi kuliko ya nyuzi 24, na katika joto letu tofauti ya nyuzi moja hubadilisha uzito wa maji zaidi kuliko inavyofanya katika ziwa la baridi. Jua likipasha maji ya juu na upepo ukiwa mdogo, maji ya chini hufungiwa. Oksijeni kupenya tabaka kwa mtawanyiko wa molekuli peke yake huchukua muda mrefu mno, na kule chini mwani uliokufa unaendelea kuzama. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, kwa hiyo sehemu nyingi upepo wa alasiri huvunja tabaka hilo na kuchanganya maji. Ziwa kuu lenye kina cha hadi mita 80 hivi hungoja miezi ya Juni na Julai, pepo za kusini-mashariki zinapolipoza na kulichanganya. Miezi mingine mingi linakaa na tabaka. Vipimo vya 1960 na 1961 vikilinganishwa na vya 1990 na 1991 vilionyesha kwamba maji ya chini yasiyo na oksijeni yamepanda karibu na juu na yanadumu muda mrefu zaidi.

Usisahau kuigawanya ile 138. Atomu 106 za kaboni zinachukua O2 106. Zile 32 zinazobaki huchukuliwa na naitrojeni, kwa sababu mwani ukioza hutoa kwanza amonia, na kila NH4⁺ inahitaji O2 mbili ili iwe naitreti, kama tulivyoona shambani. Yaani karibu robo ya deni lote la oksijeni ni la naitrojeni. Kipimo cha kawaida cha siku tano cha mahitaji ya oksijeni hukosa sehemu kubwa ya deni hili, kwa kuwa bakteria wanaooksidisha amonia huchelewa kuanza.

Oksijeni ikikaribia sifuri, bakteria wa tope hawaachi kula. Wanatafuta kitu kingine cha kupokea elektroni, na wanakichagua kwa kufuata nishati kinachowapa. Kinachofuata baada ya oksijeni ni naitreti. Nikiandika mwani unaooza kwa kifupi kama CH2O:

5CH2O + 4NO3⁻ + 4H⁺ → 2N2 + 5CO2 + 7H2O

Hii ndiyo denaitrifikesheni. Naitreti iliyosafiri kutoka Kericho na Nandi imegeuka N2 na kupanda hewani. Mtu angedhani ni habari njema, kwamba ziwa linajisafisha. Kwa naitrojeni ni kweli. Subiri uone fosforasi.

Naitreti ikiisha, na manganisi baada yake, zamu inafika kwa chuma, zile oksidi zilizoshuka na udongo mwekundu. Nikiziandika kama Fe(OH)3:

CH2O + 4Fe(OH)3 + 8H⁺ → 4Fe²⁺ + CO2 + 11H2O

Chuma kigumu cha Fe³⁺ kimekuwa Fe²⁺ inayoyeyuka. Sasa rudi kwenye ≡FeHPO4⁻ ya mwanzo. Uso uliokuwa umeishika fosfeti haupo tena, na fosfeti inatoka kwenye tope kuingia majini. Fosforasi iliyozama na matope ya Nyando miaka kadhaa iliyopita inarudi kazini bila tone la mvua. Wataalamu huita hali hii mzigo wa ndani, na ndiyo sababu ziwa linaweza kuendelea kutanda mwani kwa miaka mingi hata mito ikisafishwa.

Weka milinganyo hii miwili pamoja kwenye ukurasa mmoja. Wa kwanza unaondoa naitrojeni, wa pili unaongeza fosforasi, na yote miwili inasababishwa na jambo lile lile la kukosa oksijeni. Uwiano wa N kwa P unashuka chini ya 16. Maji yakichanganyika, yanayopanda juu ndiyo chakula hasa anachokitaka Dolichospermum. Mwani unaongezeka, unazama, unaoza, oksijeni inapungua tena. Kwenye mchoro wako chora mshale kutoka "hakuna oksijeni" kurudi kwenye "fosfeti majini", na juu ya mshale huo andika mlinganyo wa chuma.

Kuna njia ya pili ya kuachia fosfeti, na hiyo hufanya kazi hata oksijeni ikiwapo, hasa sehemu za kina kifupi. Mwani mzito ukivuta CO2 mchana, bikaboneti hujaribu kuifidia:

2HCO3⁻ → CO3²⁻ + CO2 + H2O

Kaboneti inayobaki hupandisha pH, na alasiri inaweza kupita 9. OH⁻ zikiwa nyingi zinarudi kudai nafasi yao kwenye uso wa chuma na kuisukuma fosfeti nje. Kwa pH hiyo hiyo amonia nayo inabadilika: pKa yake ni 9.25 kwa nyuzi 25, kwa hiyo pH ikifika hapo nusu ya amoniamu imekuwa NH3, ambayo hupenya mashavu ya samaki na kumuua. Mwishoni mwa 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba upande wa Kenya wa ziwa. Ukitaja tukio la namna hiyo usiandike "walikosa oksijeni" ukanyamaza. Sema kwamba maji ya chini yakipanda ghafla huleta upungufu wa oksijeni na amonia kwa pamoja, na kwamba ni vipimo vya saa ile ile tu vinavyoweza kutenganisha kipi kilichoua.

Kuhusu mipaka ya hesabu yetu, iseme wazi kwenye kazi yako. Uwiano wa 106:16:1 ni wastani. Mwani wa ziwani wenye njaa ya fosforasi hujijenga kwa fosforasi kidogo zaidi, kwa hiyo gramu moja inaweza kuleta mwani mwingi kuliko 114. Kwa upande mwingine, mwani mwingine huliwa na ngege au dagaa, mwingine huzikwa kwenye tope kabla haujaoza, na upepo huendelea kuingiza oksijeni mpya. Chukua 142 kama kipimo cha ukubwa wa deni, na usiitumie kutabiri siku ya maafa.

Ukitaka kwenda kupima mwenyewe, na nakushauri uende hata mara moja, chukua sampuli mbili kabla ya mapambazuko, saa kumi na moja alfajiri hivi, moja juu na moja karibu na tope. Tumia njia ya Winkler. Jaza chupa bila kuacha povu la hewa, ongeza manganisi salfeti na iodidi yenye alkali, funga, geuza chupa mara kadhaa. Kama kuna oksijeni, mashapo hugeuka kahawia mbele ya macho yako kwa kuwa manganisi imeoksidishwa. Kama hakuna, hubaki meupe. Nimewaona wanafunzi waliohesabu moli muhula mzima wakanyamaza ghafla walipoziweka chupa hizo mbili kando kwa kando, moja kahawia na moja nyeupe, zote kutoka mtumbwi mmoja. Baada ya hapo ongeza asidi na utitreti kwa thiosalfeti, ukikumbuka kwamba moli moja ya O2 ni sawa na moli nne za thiosalfeti.

Kwa fosfeti utatumia molibdeti na asidi askobiki, rangi ya buluu inayosomwa kwenye nanomita 880. Pima mara mbili: sampuli iliyochujwa, na sampuli isiyochujwa iliyochemshwa na pasalfeti. Wakati mwani umetanda, ile iliyochujwa inaweza kukupa karibu sifuri, kwa kuwa fosfeti yote imo ndani ya mwani. Kinachokuambia hali ya ziwa ni fosforasi yote kwa jumla. Kwa vigezo vya OECD vya 1982, wastani wa mikrogramu 35 hadi 100 kwa lita ni maji yaliyorutubika, na zaidi ya 100 yamerutubika kupita kiasi.

Na kabla hujagawanya N kwa P, angalia mashine inasoma nini. Mita nyingi hutoa jibu kama NO3⁻ na PO4³⁻, wakati uwiano wa 16 ni wa atomu. Ukipata NO3⁻ miligramu 0.62 na PO4³⁻ miligramu 0.19 kwa lita, ukagawanya hivyo hivyo utapata 3.3. Gawanya kwanza 0.62 kwa 62 na 0.19 kwa 95: mikromoli 10 kwa mikromoli 2, uwiano wa 5. Na hapo bado hujahesabu amoniamu, ambayo karibu na tope lisilo na oksijeni huwa nyingi kuliko naitreti, kwa hiyo nayo ipime kabla hujaandika kwamba naitrojeni ndiyo inayobana.